Kubadili kulanti: lini kuflashi kunasaidia, na lini kunaua rejeta

Gari ni Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya sisi 1,500. Kwa miaka mitatu limekunywa maji ya kisima. Mwenyewe kaamua sasa atumie kulanti ya pinki kama kitabu cha gari kinavyotaka. Kafungua koki ya rejeta, kamwaga maji ya kutu, kajaza kulanti mpya lita 3, kafunga. Wiki mbili baadaye kafungua kifuniko: kahawia. Karudia. Kahawia tena. Mara ya tatu kampelekea fundi, naye kamimina dawa kali, kasukuma maji ya bomba kwa presha, na jioni ile ile rejeta ikaanza kuvuja kwenye ungio la plastiki na alumini.

Nimeletewa magari mengi yenye hadithi hii, na kila mara mwenye gari huuliza swali moja: je, ilikuwa makosa kuflashi, au makosa ni kwamba hakuflashi vya kutosha? Jibu langu ni hili. Kuosha mfumo kwa maji ya kawaida, bila presha, kunasaidia karibu kila unapobadili aina ya kulanti. Dawa ya kusafishia inasaidia gari chache tu, na gari lisiloihitaji inaweza kulitia hasara. Presha ya bomba au ya kompresa mimi siitumii kabisa. Lakini watu wengi wanaoshindwa hawashindwi kwenye kuosha. Wanashindwa kwenye hesabu ya maji yanayobaki ndani baada ya kuosha, na hapo ndipo nitakaa zaidi.

## Vifaa

Andaa hivi kabla hujagusa koki:

- Kulanti nzito, ile isiyochanganywa na maji, lita 3. Usinunue iliyokwisha kuchanganywa kwa kazi hii. Sababu iko kwenye hatua ya 5.
- Maji ya betri, lita 8 hadi 10. Hakikisha ni maji matupu. Baadhi ya maduka huita "maji ya betri" hata asidi yenyewe, kwa hiyo soma lebo, usitegemee neno la muuzaji.
- Maji safi ya kawaida, ndoo moja, kwa mzunguko wa kwanza.
- Ndoo au beseni la kukingia, na chombo chenye alama za lita. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha kama huna kingine.
- Chupa ndogo ya kioo iliyo wazi, ya kutazamia rangi na uchafu.
- Glavu, vitambaa, na brashi ya chupa ya kusugulia tangi la akiba.
- Kifuniko kipya cha rejeta, kama cha zamani mpira wake umepasuka au umekauka. Linganisha namba ya presha iliyoandikwa juu yake, kwa mfano 0.9 au 1.1, na ile ya cha zamani.

Kama unaweza kuazima kile kipimo cha kuchungulia kwa jicho, kinachosoma mkolezo wa kulanti kwa tone moja, kiazime. Si lazima.

Tenga siku nzima. Injini itapashwa moto na kupozwa mara nne, na kupoza hakuharakishwi.

## Amua kwanza kama gari lako linahitaji kuflashiwa

Injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua kifuniko cha rejeta, chota kidogo kwa chupa ya kioo, uiache kwenye meza nusu saa.

Ukiona kimiminika ni safi, kina rangi yake, na unajua ni aina ile ile unayotaka kuongeza, huna haja ya kuflashi. Mwaga, jaza, endelea na maisha yako. Kuosha mfumo ulio safi ni kupoteza maji na siku.

Ukiona ni safi lakini ni aina nyingine, osha kwa maji matupu. Hapa watu hudanganywa na rangi. Rangi ni ya kiwanda, si ya kemia. Kuna kijani cha aina ya zamani na kijani cha aina mpya, na nyekundu ya kampuni moja haina undugu na nyekundu ya nyingine. Soma lebo ya nyuma. Kulanti za kijani za zamani nyingi hulinda chuma kwa silika, na maisha yake ni kama miaka 2. Kulanti ya pinki ya Toyota haina silika. Inalinda kwa fosfeti pamoja na asidi za kikaboni, na ndiyo maana ya kwanza iliyotoka na gari kiwandani hufika kilomita 160,000 kabla ya kubadilishwa.

Ukizichanganya, mara nyingi hutaona chochote cha kutisha. Kinachotokea ni kwamba kila moja inapunguzwa nguvu na nyenzake, na ile ya kudumu miaka inageuka ya kudumu miezi. Mara chache, hasa kukiwa na maji magumu ya kisima, silika na fosfeti huganda na kuwa utelezi kama uji, ukaziba mirija myembamba ya rejeta. Unaweza kupima: changanya nusu kwa nusu kwenye chupa, uache usiku. Ukikuta utelezi au vumbi jeupe chini, umepata onyo. Usipokuta kitu, usijipongeze. Chupa haiwezi kukuonyesha kinga iliyopungua.

Ukiona maji ya kahawia yenye vumbi la kutu linalotua chini, osha kwa maji kwanza, halafu uamue kuhusu dawa baada ya hatua ya 3, si kabla.

Ukiona mafuta yanaelea, au uji wa rangi ya kahawa ya maziwa, acha. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, au kipoza oili, au kipoza cha giaboksi ya otomatiki kilicho ndani ya rejeta. Hakuna kuflashi kutakakotibu hilo, na kulanti mpya itachafuka siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 1: Mwaga, injini ikiwa baridi

Baridi maana yake unaweza kushika mpira mkubwa wa juu wa rejeta kwa mkono mzima, ukauminya, usihisi presha wala joto. Kifuniko kikifunguliwa kwa injini ya moto, maji yaliyokuwa yamezuiwa na presha huchemka papo hapo na kukurukia usoni. Nimeona mtu akilazwa kwa ajili ya haraka ya dakika ishirini.

Toa kifuniko kwanza, kisha legeza koki iliyo chini ya rejeta. Ukianza na koki huku kifuniko kimefungwa, maji yatatoka kwa kudondoka tu kwa sababu hewa haina pa kuingilia. Koki nyingi ni za plastiki na zimezeeka. Zungusha kwa vidole, usiitie koleo. Ikivunjika, kazi yako ya leo imegeuka kutafuta koki.

Kinga yote, na upime kiasi kilichotoka. Andika. Kwenye hii Probox mfumo mzima unabeba kama lita 5, na zilizotoka zilikuwa 3. Lita 2 zimebaki kwenye bloku ya injini, kwenye hita na kwenye mipira. Bloku ina plagi yake ya kumwagia, lakini kwenye gari lililokunywa maji ya kisima mara nyingi imeganda kwa kutu. Mimi nikiona haigeuki kwa nguvu ya kawaida naiacha. Kuivunja ni gharama kubwa kuliko kuongeza mzunguko mmoja wa maji.

Kulanti ni sumu, na ina utamu. Mbwa, mbuzi au mtoto akiikuta kwenye beseni ataionja. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko mara moja, usiimwage mtaroni. Aliyeinywa apelekwe hospitali hapo hapo, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu figo huumia baadaye.

## Hatua ya 2: Toa tangi la akiba ulisugue

Hatua hii huchukua dakika kumi, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Injini ikipata moto, maji hutanuka na ziada huingia kwenye tangi la akiba. Ikipoa, rejeta huvuta tena kutoka kwenye tangi hilo hilo. Ukibadilisha kulanti yote na kuacha matope chini ya tangi, kila usiku gari litajinywesha kutu kidogo kidogo. Yule mwenye Probox aliyemwaga mara mbili na kukuta kahawia, nusu ya kahawia yake ilitoka hapa. Nilipolichomoa tangi, chini kulikuwa na tope unene wa kidole.

Lichomoe, lioshe kwa maji na sabuni kidogo, lisuguliwe kwa brashi, lisuuzwe hadi povu liishe. Povu likiingia kwenye mfumo halibebi joto. Tazama pia mpira mwembamba unaounganisha tangi na shingo ya rejeta. Ukiwa umepasuka, rejeta itavuta hewa badala ya maji.

## Hatua ya 3: Osha kwa maji, mizunguko mitatu

Funga koki. Jaza rejeta maji safi taratibu. Funga kifuniko, washa injini. Weka hita kwenye joto la mwisho, feni yake polepole, hata kama ni Dar saa saba mchana na jasho linakutoka. Kwenye magari mengine kuna vali inayozuia maji kwenda kwenye hita. Ikiwa imefungwa, maji ya zamani yatabaki humo na kurudi kukuchafulia baadaye.

Zima AC. AC ikiwa imewashwa, feni ya rejeta huzunguka muda wote, na utakosa alama muhimu kuliko zote.

Alama yenyewe ni hii: subiri feni ya umeme iwake yenyewe, izime, kisha iwake mara ya pili. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Kabla ya hapo maji ya bloku yanazunguka ndani kwa ndani na hayachanganyiki na ya rejeta. Mtu anayewasha injini dakika tano na kumwaga ameosha rejeta peke yake, bloku ameiacha kama ilivyokuwa. Feni ikiwaka mara mbili, themostati imefunguka na maji yote yamechanganyika.

Zima, subiri ipoe kabisa, mwaga. Usimwage ikiwa ya moto ili uwahi, na usithubutu kujaza maji ya baridi kwenye injini ya moto. Silinda hedi ya alumini hupinda, na hapo utalipia kazi nyingine kabisa.

Sasa hesabu. Kila mzunguko unatoa lita 3 kati ya 5, maana yake asilimia 40 ya uchafu inabaki. Baada ya kujaza maji mara ya kwanza, ya zamani ni asilimia 40. Mara ya pili, 16. Mara ya tatu, kama 6. Ukimwaga tena na kuweka kulanti, inabaki chini ya 3. Ndiyo sababu nasema mitatu. Yule aliyemwaga mara moja na kujaza kulanti ya pinki aliiweka kwenye mfumo wenye asilimia 40 ya maji ya kutu, halafu akashangaa rangi.

Kama gari lako linabeba lita 7 na zinatoka 3 tu, mizunguko iwe zaidi. Ndiyo maana nilikwambia upime.

Mzunguko wa kwanza tumia maji ya kawaida yaliyo safi. Wa pili na wa tatu tumia maji ya betri. Maji ya bomba na ya kisima yana chokaa na chumvi. Chokaa huganda kwenye kuta za moto za injini kama inavyoganda ndani ya birika, na fosfeti ya kulanti ya pinki hugongana nayo ikatua chini. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini, usidanganyike na uangavu wake.

Chota sampuli kwenye chupa ya kioo kila mzunguko, uzipange. Umefaulu kama sampuli ya tatu ni nyeupe, ukiiweka juu ya gazeti unasoma maandishi kupitia kwake, na baada ya nusu saa hakuna vumbi chini. Rangi hafifu ya chai ya rangi iliyozimuliwa inavumilika. Ikiwa bado ni kahawia nzito, ongeza mzunguko wa nne kabla ya kufikiria kitu kingine.

Usiliache gari na maji matupu wiki nzima kwa sababu kulanti haijafika. Maji yaliyosafishwa bila kinga hula chuma upesi. Siku moja haina neno.

## Hatua ya 4: Dawa, kama kweli inahitajika

Ninaitumia kwa sababu mbili tu. Ya kwanza, baada ya mizunguko minne maji bado yanatoka kahawia. Ya pili, gari linachemsha mlimani au kwenye foleni, huku feni, themostati na kifuniko ni vizima, na ukigusa uso wa rejeta injini ikiwa imezimwa unakuta sehemu za moto na sehemu za baridi. Hiyo ni mirija iliyoziba.

Kabla ya kuimimina, elewa inachofanya. Dawa nyingi ni asidi nyepesi inayoyeyusha kutu na chokaa. Haijui kutofautisha kutu iliyoganda ukutani na kutu iliyoziba tundu. Rejeta iliyooza inaweza kuwa haivuji kwa sababu tu uchafu umekaa kwenye kidonda chake. Ukiuyeyusha, kidonda kinafunguka. Je, dawa ndiyo iliyoharibu? Kwa kweli tundu lilikuwepo, dawa imelionyesha. Lakini mwenye gari aliyekuwa anatembea jana na leo amekwama haoni tofauti, nami simlaumu. Kwa hiyo ninamwuliza kabla: una pesa ya rejeta nyingine ikibidi? Kama hana, tunaishia kwenye maji.

Sitii dawa kabisa gari ambalo limewahi kutiwa dawa ya kuziba, au manjano, au ute wa yai. Nimekuta manjano yakiwa yametengeneza tope kwenye mirija ya hita. Ukiyang'oa hayayeyuki, yanasafiri, na yanakwenda kuziba mahali pembamba zaidi. Rejeta ya namna hiyo hubadilishwa.

Ukiamua kuitumia, fuata kipimo na dakika za kwenye lebo, na uhakikishe lebo inaruhusu alumini. Usiongeze muda kwa kudhani itasafisha zaidi. Usitumie asidi ya betri, dawa ya choo, wala magadi ya sabuni. Yale magadi makali hula alumini, na rejeta, silinda hedi na pampu yako ya maji ni alumini. Baada ya dawa, rudia mizunguko mitatu ya maji upya. Asidi iliyobaki kwenye bloku itakula kinga ya kulanti mpya kabla haijaanza kazi.

Kuhusu presha: kifuniko cha rejeta huachia kwenye bar 1 hivi. Bomba la mtaa lenye nguvu hufika bar 3 au 4, na kompresa ya gereji hupita hapo kwa mbali. Rejeta za sasa ni alumini iliyobanwa kwenye matangi ya plastiki kwa gasketi ya mpira, na plastiki ya miaka kumi na tano haina mchezo. Ile rejeta ya mwanzo wa makala haikuuawa na dawa. Ilifunguka kwenye ungio lile lile linalobanwa na plastiki.

## Hatua ya 5: Jaza kulanti kwa hesabu, si kwa mazoea

Hapa ndipo walioosha vizuri wanapoharibu.

Umemwaga mara ya mwisho, zimetoka lita 3. Ndani zimebaki lita 2 za maji matupu. Ukijaza lita 3 za kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, ndani ya zile 3 kulanti yenyewe ni lita moja na nusu. Gawanya kwa 5: asilimia 30. Umelipia asilimia 50 na umepata 30, na hutajua, kwa sababu rangi bado ni nzuri ya pinki.

Fanya hivi badala yake. Mfumo ni lita 5, unataka nusu, basi unahitaji lita 2.5 za kulanti nzito. Zimimine kwanza kwenye rejeta. Nafasi iliyobaki, kama nusu lita, jaza maji ya betri. Zile lita 2 zilizokuwa ndani ndizo maji yako mengine. Umepata 50 kamili.

Kama duka lina iliyochanganywa tu, njia ipo lakini ni ghali. Jaza, endesha hadi feni iwake mara mbili, poza, mwaga, jaza tena. Utapanda kutoka asilimia 30 hadi 42, na mara ya tatu karibu 47. Umetumia lita 9. Nunua nzito.

Mtu ataniuliza nusu ya nini wakati Dar hakuna barafu. Ni kweli, kuganda si shida yetu. Lakini kinga ya kutu imo ndani ya kulanti. Ukipunguza kulanti umepunguza kinga. Pia mchanganyiko wa nusu huchemka kwenye nyuzi 107 hivi bila presha pale usawa wa bahari, wakati maji matupu huchemka kwenye 100, na Nairobi, kwa mwinuko wake, kwenye 94. Usizidishe pia: ukipita asilimia 60 joto linabebwa vibaya kuliko nusu.

Kile kipimo cha jicho kimeandikwa kwa nyuzi za kuganda. Kwa nusu kitasoma karibu na -37. Kikisoma -15, uko kwenye ile asilimia 30 niliyoitaja.

## Hatua ya 6: Toa hewa

Jaza polepole, huku ukiminya mpira wa juu wa rejeta mara kwa mara kama unayekamua. Mapovu yatapanda. Acha kifuniko wazi, washa injini, hita kwenye joto la mwisho, AC imezimwa. Kiwango kitashuka ghafla themostati ikifunguka, ongeza. Kikitulia na mapovu yakiisha, funga kifuniko, jaza tangi la akiba hadi alama ya juu, kisha shikilia injini kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika moja, muda kidogo tu, mpaka feni iwake.

Hita ikitoa hewa ya moto thabiti, umefaulu. Ikitoa ya baridi huku geji ya temperecha inapanda, kuna hewa imenasa; zima kabla haijachemsha, poza, fungua, ongeza. Sauti ya maji yanayotiririka nyuma ya dashibodi ni hewa pia.

Asubuhi tatu zinazofuata, injini ikiwa baridi, tazama tangi. Kushuka kidogo siku ya kwanza na ya pili ni hewa iliyokuwa imejificha. Kikiendelea kushuka wiki nzima, tafuta mvujo, na ukikuta mapovu yanapanda bila kukoma injini ikizunguka, ni gasketi. Baada ya kilomita 1,000 chota tena kwenye chupa ya kioo na uifananishe na kulanti mpya. Ile Probox, iliyovishwa rejeta nyingine na kuoshwa kwa mpango huu, ilitoa pinki iliyofifia kidogo, hakuna vumbi.

## Na oili ya injini?

Huku jibu linageuka. Ukihama kutoka oili ya kawaida kwenda sinthetiki, huhitaji kuflashi. Oili zenye alama ya API hutengenezwa kwa sharti la kuchanganyika na nyenzake bila kuganda, na ile kidogo inayobaki ndani baada ya kumwaga haina madhara. Kwenye 1NZ-FE unajaza lita 3.7 pamoja na filta mpya, basi.

Shida ni kwa injini iliyoachwa muda mrefu bila kumwagwa oili. Fungua kifuniko cha kujazia oili, umulike ndani kwa tochi. Rangi ya asali au kahawia ni kawaida. Ukiona tope jeusi la kukwangulika kwa kidole, usitie dawa ya kuflashi, na zaidi ya yote usitie dizeli wala mafuta ya taa kama gereji nyingi zinavyofanya. Huyeyusha oili ikawa nyepesi kiasi cha kushindwa kutenganisha beringi na krankshafti, na hubandua tope kwa mapande. Mapande hayo hushukia kwenye chujio la pampu lililo ndani ya sampu, pale ambapo kubadilisha filta hakufiki. Taa nyekundu ya oili ikiwaka wakati wa sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, muda mfupi baada ya kuflashi, ni hilo: zima papo hapo, sampu ishushwe.

Injini ya namna hiyo isafishe kwa oili yenyewe. Weka oili nzuri na filta mpya, tembea kilomita 1,000, mwaga. Rudia, tembea 2,000, mwaga. Kila mara mulika pale pale chini ya kifuniko. Tope litapungua safu kwa safu, na filta utakazotoa, ukizikata kwa msumeno wa chuma, zitakuwa zimelishika.